Dola elfu kumi zisizolala benki: jinsi tulivyotafuta gharama halisi ya mchangiaji mmoja

Katika kikao kimoja cha bodi, mweka hazina wetu, mzee aliyestaafu baada ya kufundisha hesabu kwa miaka mingi, aliweka kidole juu ya mstari mmoja wa taarifa yangu ya matangazo na kuniuliza kwa upole: "Binti yangu, hizi laki tano na elfu arobaini na sita zimelala benki gani?" Nilimjibu kwamba hazijalala benki yoyote, kwamba ni thamani ya matangazo tuliyopewa na Google bila malipo. Akanitazama kidogo, kisha akauliza swali ambalo nililibeba hadi nyumbani: "Kama hatukulipa, mbona umeandika kwamba kila mchangiaji ametugharimu dola ishirini? Na kama tulilipa, risiti iko wapi?"

Makala haya ni jibu ambalo sikuweza kumpa siku ile. Shirika letu ni dogo, lina ofisi Mombasa, na kazi yake ni kujenga matangi ya kuvuna maji ya mvua katika shule za msingi za upande wa Kinango, kaunti ya Kwale, ambako mvua ikikosa msimu mmoja watoto hutumwa kubeba madumu kabla ya masomo kuanza. Mimi ndiye ninayesimamia matangazo ya kuomba michango. Nambari nitakazotumia nimezizungusha ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na nimebadili dola kwa shilingi 130 za Kenya, lakini uwiano wake ndio huo tulioukuta.

Mpango wenyewe unaitwa Google Ad Grants, na umekuwepo tangu mwaka 2003. Shirika lisilo la faida likishahakikiwa usajili wake na kukubaliwa, hupewa haki ya kutangaza kwenye matokeo ya utafutaji ya Google kwa thamani ya hadi dola 10,000 kila mwezi, yaani takriban dola 329 kwa siku. Si fedha. Hakuna hundi wala uhamisho wa benki, na usichotumia mwezi huu hakivuki kwenda mwezi ujao. Matangazo ni ya maandishi tu, na huwekwa chini ya matangazo ya wale wanaolipa kwa fedha zao. Hospitali, shule na ofisi za serikali hazikubaliwi katika mpango huu. Watu wengi wanaposikia dola elfu kumi kwa mwezi hudhani kazi imekwisha, na hata mimi nilidhani hivyo kwa miezi kama miwili, mpaka nilipogundua kwamba kutumia hata nusu ya kiasi hicho kwa namna yenye maana ni kazi ngumu kwa shirika linalozungumza na watu wa nchi moja kuhusu jambo moja.

Mwezi ambao mzee aliuwekea kidole ulikuwa hivi. Tulitumia dola 4,200 kati ya zile 10,000. Tangazo lilibofywa mara 3,000, kwa hiyo kila mbofyo ulihesabiwa wastani wa dola 1.40. Dashibodi iliandika `Conversions` 210, na kando yake ikaandika `Cost / conv.` dola 20. Mimi, kwa haraka ya kutaka kumaliza taarifa, niliitafsiri safu ile kuwa "gharama kwa kila mchangiaji". Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilikuwa na pande mbili: kilichokuwa juu ya mstari wa mgawanyo hakikuwa gharama, na kilichokuwa chini yake hakikuwa wachangiaji.

Nianze na cha chini, kwa sababu ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa. Safu ya `Conversions` haijui mchango ni nini. Inahesabu tendo lolote ambalo wewe mwenyewe umeuambia mfumo ulihesabu. Mtu aliyetufungulia akaunti, ambaye alikuwa amejitolea na hana lawama, alikuwa ameuambia mfumo uhesabu kila mtu anayefungua ukurasa wetu wa kuchangia. Basi wale 210 walikuwa watu 210 waliofungua ukurasa. Walichofanya baada ya hapo, Google haikujua, na sisi hatukuuliza.

Jambo hili lina madhara yanayozidi ile taarifa kusomeka vibaya. Katika mpango huu, ukiweka bei ya mbofyo mwenyewe unazuiliwa usivuke dola 2, lakini ukiuachia mfumo ujipangie bei ili kuongeza `Conversions`, kizuizi hicho huondoka. Na akaunti zilizofunguliwa baada ya Aprili 2019 zinatakiwa kutumia njia hiyo ya pili. Maana yake ni kwamba mashine inatafuta, usiku na mchana, watu wanaofanana na wale waliolifanya tendo ulilolitaja. Ukiiambia kwamba mafanikio ni kufungua ukurasa, itakuletea wafunguaji kurasa, na itakuletea kwa wingi, na dashibodi itang'aa.

Niligundua ni watu gani waliokuwa wakiletwa nilipofungua ripoti ya `Search terms`, ambayo huonyesha maneno yenyewe ambayo watu waliandika kabla ya kuliona tangazo. Nilikaa nayo asubuhi nzima na kikombe cha chai kikapoa. Maneno yaliyoleta mibofyo mingi kuliko yote hayakuwa na harufu ya sadaka hata kidogo. Yalikuwa kama haya:

```
10000 litre tank price kenya
bei ya tangi la maji
msaada wa karo ya shule
```

Wa kwanza na wa pili walikuwa wanunuzi. Mtu amejenga nyumba yake Likoni au Mtwapa, anataka kujua tangi la lita elfu kumi ni shilingi ngapi, anaona tangazo linalosema "Tangi moja la maji kwa shule nzima", anabofya, anafika kwenye ukurasa wetu unaoeleza kwamba shilingi 1,000 husaidia kununua mabati ya kukingia maji, anashuka chini kutafuta bei, kisha anaondoka akiwa amekasirika. Wa tatu alinigusa kwa namna nyingine. Huyo alikuwa mzazi au mwanafunzi anayetafuta wa kumlipia karo, na neno "shule" katika tangazo letu lilimpa tumaini. Alifungua ukurasa wa kuchangia akidhani ni ukurasa wa kuomba. Baadhi yao walipiga simu ofisini. Kwa hiyo tulikuwa tunatumia matangazo ya kutafuta wenye kutoa, na tangazo lilikuwa linawaita wenye kuhitaji, na kila mmoja wao alihesabiwa kama mafanikio ya dola 20.

Kanuni za mpango wenyewe zinakusukuma upande huo bila kukusudia. Akaunti inatakiwa kila mwezi ifikie kiwango cha kubofya cha angalau asilimia 5, yaani katika kila watu 100 wanaoliona tangazo, 5 walibofye. Ukikosa miezi miwili mfululizo akaunti inaweza kusimamishwa. Maneno ya kweli ya wachangiaji, kama "kuchangia maji shule za Kwale", hutafutwa na watu wachache mno. Maneno ya bei ya matangi na ya karo hutafutwa kila dakika na hubofywa kwa pupa. Msimamizi anayeogopa kufungiwa akaunti huyaacha maneno hayo yabaki, kwa sababu yanambeba juu ya asilimia 5. Nakiri kwamba nilijua kwa wiki kadhaa kuwa maneno ya bei hayatuletei chochote, nikayaacha.

Kibebeo cha pili cha asilimia 5 ni jina la shirika lenyewe. Mtu anayeandika jina lenu kwenye Google karibu hakika atabofya tangazo lenye jina lenu. Kwa hiyo kila shirika huwa na kampeni ya jina lake, na kampeni hiyo huonekana kuwa nyota ya akaunti kwa kila kipimo. Lakini jiulize mtu huyo ametoka wapi. Pengine amesikia habari zenu msikitini au kanisani, au amepewa na shemeji yake, au alichangia mwaka jana na sasa amesahau anwani ya tovuti. Hata bila tangazo, angeliona jina lenu kwenye mstari wa kwanza wa matokeo ya kawaida na angefika vilevile. Kumhesabu kuwa ameletwa na tangazo ni sawa na mwenye duka kumlipa bawabu kamisheni kwa kila mteja aliyepita mlangoni.

Baada ya kuelewa hayo, nilijua kwamba hesabu ya wachangiaji haiwezi kutoka Google. Ilibidi itoke mahali fedha zinapoingia, na kwetu mahali hapo ni M-Pesa. Hapa ndipo miongozo mingi ya matangazo iliyoandikwa nchi za mbali inapotuacha njiani. Miongozo hiyo inadhani mchangiaji atajaza nambari ya kadi kwenye ukurasa, atabonyeza kitufe, na ukurasa wa shukrani utafunguka ukiwa na kifaa cha kuhesabu ndani yake. Mchangiaji wetu hafanyi hivyo. Anasoma ukurasa, anaiona nambari ya Paybill, anaufunga, anafungua M-Pesa, na analipa. Wakati mwingine analipa palepale, na wakati mwingine anapiga picha ya skrini na kulipa Ijumaa akishapata mshahara. Kwa macho ya Google, mtu huyo alikuja, akatazama, akaondoka mikono mitupu.

Tulichofanya kilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Malipo ya Paybill huwa na sehemu ya nambari ya akaunti ambayo mlipaji huijaza mwenyewe, na shirika likiwa na Paybill moja linaweza kupokea maneno yoyote katika sehemu hiyo. Tukatengeneza kurasa tatu za kuchangia zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa neno moja. Ukurasa unaofikiwa na waliotafuta jina letu uliwaambia waandike JINA; unaofikiwa na waliotafuta kuchangia maji uliwaambia waandike TANGI; na ule wa Facebook, ambao nitaufikia, uliwaambia waandike SHULE. Viungo vya matangazo navyo vilitiwa alama ili takwimu za tovuti zitenganishe wageni:

```
/changia-tangi?utm_source=google&utm_medium=grant&utm_campaign=maji
```

Mwisho wa mwezi nilipakua taarifa ya Paybill na kuipanga kwa safu ya akaunti. Asiyewahi kufanya kazi hii hajui watu huandika nini mahali palipoombwa neno moja. Nilikuta TANGI, tangi, TANKI, "tangi 1", "maji", "sadaka ya marehemu mama", na wengi walioandika majina yao wenyewe, maana miaka mingi ya kulipa karo na kodi ya nyumba imetufundisha kwamba penye nambari ya akaunti huandikwa jina. Karibu malipo manne katika kila kumi hayakuwa na alama yoyote ya kueleweka. Sikuyagawa kwa kubahatisha. Niliyaweka katika safu yake ya "haijulikani" na kuiacha hivyo. Baadaye tuliongeza kitufe kinachotuma ombi la malipo moja kwa moja, ambapo mchangiaji anaandika nambari yake ya simu, dirisha la M-Pesa linajitokeza, naye anaweka nambari ya siri tu; kwa njia hiyo neno la akaunti hujazwa na mfumo na halikosewi. Safu ya "haijulikani" ilipungua sana, ingawa haikuisha, kwa sababu watu wazima wengi bado wanapendelea kuandika Paybill kwa mkono wao.

Kitufe hicho kilitupa pia tendo bora la kuiambia mashine. Tuliacha kuhesabu kufungua ukurasa, tukaanza kuhesabu kubonyeza kitufe cha malipo. Hatukuchagua malipo yaliyokamilika kuwa kipimo pekee, kwa sababu yalikuwa machache mno kwa mashine kujifunza kitu. Kubonyeza kitufe kulikuwa karibu vya kutosha na mchango, na kulitokea mara nyingi kiasi. Wakati huohuo niliyafungia nje maneno ya bei, ya lita, ya karo na ya ufadhili kwa kuyaweka kwenye orodha ya `Negative keywords`. Mibofyo ikaporomoka kwa zaidi ya nusu ndani ya wiki mbili. Nilikuwa na hofu ya ile asilimia 5, lakini tulibaki juu yake, kwa sababu waliobaki walikuwa wachache wanaobofya kwa nia. Ubora huo una bei yake, nayo ni kwamba sasa hatufikii hata dola 2,000 kwa mwezi, na kila robo mwaka mjumbe fulani wa bodi huuliza kwa nini tunaacha dola 8,000 zipotee. Dola hizo hazipotei kwa sababu hazikuwahi kuwa zetu. Tungeweza kuzimaliza kesho kwa kuwaita tena wanunuzi wa matangi.

Sasa turudi kwenye ule mwezi wa mzee. Nilirudi nyuma kwa kadiri kumbukumbu zilivyoruhusu, maana alama zetu zilikuwa bado hazijawekwa, nikasoma malipo moja moja, nikapata watu 23 waliochangia kwa mara ya kwanza na ambao ningeweza kusema kwa haki kwamba walipitia matangazo ya Google. Kati yao, 9 walikuja kwa kutafuta jina letu, nikawatoa. Wakabaki 14. Ukigawa dola 4,200 kwa 14 unapata dola 300, au shilingi 39,000 kwa mchangiaji mmoja ambaye kwa wastani alitoa shilingi 1,200. Mweka hazina angezimia.

Lakini hiyo nayo si gharama yetu, na hapa ndipo upande wa juu wa mgawanyo unapoingia. Dola zile 4,200 hazikutoka mfukoni mwetu wala zisingeweza kununua mfuko hata mmoja wa saruji. Kuziweka katika hesabu ya gharama kunamtisha mtu bure. Kuziacha na kuandika sifuri nako kunamdanganya, maana kuna gharama tulizolipa kwa shilingi halisi. Robo moja ya muda wangu wa kazi ilikwenda kwenye akaunti ile, na robo hiyo ni shilingi 20,000 za mshahara. Kurasa na matengenezo yake vilitugharimu takriban shilingi 8,000 kwa mwezi. Jumla ni 28,000. Gawa kwa 14, unapata shilingi 2,000 kwa kila mchangiaji mpya. Hiyo ndiyo nambari niliyopaswa kumpa mzee. Thamani ya matangazo yenyewe sasa ninaiandika chini ya taarifa, katika mstari wake peke yake, kama kitu tulichopewa na kukitumia, pasipo kuichanganya na fedha.

Shilingi 2,000 kumpata mtu anayetoa 1,200 bado ni hasara ya 800, ukitazama siku ya kwanza tu. Niliwafuatilia wale 14 kwa miezi kumi na miwili. Si kazi nyepesi, kwa kuwa siku hizi taarifa za malipo huficha sehemu ya nambari ya simu ya mlipaji, na inakubidi ulinganishe jina, kiasi na neno la akaunti, au umwombe mchangiaji akuachie nambari kwa hiari yake ili umtumie ujumbe wa shukrani. Waliorudi walikuwa wanne, na hao wanne walikuwa wakitoa shilingi 500 kila mwezi kwa wastani wa miezi minane. Michango ya kwanza ilikuwa shilingi 16,800, ya kurudi 16,000, jumla 32,800 dhidi ya gharama ya 28,000. Kwa hiyo baada ya mwaka mzima tulikuwa mbele kwa shilingi 4,800 kabla ya makato ya malipo. Faida hiyo yote imesimama juu ya watu wanne, na wawili kati yao wangeacha mwezi wa tatu, tungekuwa katika hasara. Ndiyo maana siku hizi gharama ya kumpata mchangiaji siisomi kamwe bila kuweka kando yake idadi ya waliorudi.

Kuna bajeti ya pili ambayo nayo huitwa ruzuku, na tabia zake ni tofauti kabisa. Mwaka huohuo taasisi moja ya wafadhili ilitupa fedha taslimu, shilingi 390,000, kwa kazi moja tu: kutangaza Facebook na Instagram kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba ili tupate wachangiaji wa kawaida wa humu nchini. Fedha hizo hazikuruhusiwa kujenga tangi hata moja, na masalio yoyote yalipaswa kurudishwa. Taarifa ya mwisho ilihitaji nambari mbili: wachangiaji wapya wangapi, na kila mmoja kwa gharama gani.

Facebook ilijidai watu 212. Kitabu cha M-Pesa chenye neno SHULE kilionyesha 150. Tofauti hiyo si wizi. Kwa kawaida mfumo wa Facebook humhesabu mtu aliyebofya tangazo na akafanya tendo ndani ya siku saba, na pia mtu aliyeliona tu bila kubofya na akafanya tendo ndani ya siku moja. Mtu anayetufahamu miaka mingi, aliyepita juu ya video yetu asubuhi na akabonyeza kitufe cha kuchangia jioni kwa sababu zake, huingia katika hesabu hiyo, na aliyebonyeza kisha asiweke nambari ya siri huingia pia. Tuliandika 150.

Ukigawa 390,000 kwa 150 unapata 2,600. Ukiongeza shilingi 60,000 za muda wa watu wetu, unapata 3,000 kamili. Nambari hiyo ilipita katika taarifa bila swali. Mimi nilikuwa na jedwali la mwezi kwa mwezi ambalo halikuombwa na mtu. Julai tulitumia 100,000 tukapata watu 60, yaani shilingi 1,667 kwa mmoja. Agosti 100,000, watu 50, yaani 2,000. Septemba tulitumia 190,000 tukapata watu 40, yaani 4,750. Wastani wa miezi mitatu ulikuwa umeifunika Septemba kama shuka.

Septemba tulitumia karibu mara mbili kwa sababu mwisho wa Agosti bado tulikuwa na 190,000 na tarehe ya kufunga ilikuwa inakaribia, na hakuna shirika dogo linalopenda kumrudishia mfadhili masalio, kwa kuogopa kwamba mwaka ujao atasema hawakuzihitaji. Tukaongeza kiwango cha kila siku. Lakini watu wa Mombasa na Nairobi walioonyesha dalili za kujali habari zetu hawakuongezeka kwa sababu bajeti imeongezeka. Walewale waliona video ileile tena na tena. Safu ya `Frequency`, inayoonyesha wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo, ilikuwa 2 mwezi Julai na ikavuka 6 katikati ya Septemba. Maoni chini ya video yakaanza kubadilika. Mmoja aliandika kwamba sasa mtoto wake analijua tangi letu kwa rangi. Mtu wa kuchangia alikuwa ameshachangia, na wa kukataa alikuwa anakataa kwa mara ya sita.

Kama 390,000 zingekuwa fedha zetu wenyewe, tungesimama tarehe 10 Septemba. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu tungekuwa tunaona kila siku shilingi zikitoka na watu wasioingia. Kwa kuwa zilikuwa za ruzuku, hakuna aliyeziona kuwa zinatoka. Katika mawazo ya ofisi, wale wachangiaji 150 walikuwa wa bure, na michango yao ya kwanza, jumla ya shilingi 150,000, ilionekana kuwa faida tupu. Oktoba matangazo yalipokoma, wachangiaji wapya walishuka hadi watu watatu kwa mwezi, na ndipo mwenzangu wa hesabu alipouliza kama tunaweza kuendelea kwa fedha zetu. Jibu lilikuwa ndani ya jedwali: tungeweza kuendelea kwa kasi ya Julai, si kwa kasi ya Septemba, na hata kwa kasi ya Julai tungehitaji mtu mmoja katika kila watano aendelee kutoa kwa mwaka mzima ili fedha zirudi.

Nilimpelekea mzee jedwali hilo nyumbani kwake, Jumamosi moja, pamoja na hesabu ya shilingi 2,000 niliyokuwa nikidaiwa. Alilisoma kwa utaratibu wa mwalimu, akarudia mgawanyo wa Septemba kwa kalamu pembeni mwa karatasi ili kuhakikisha, kisha akasema, "Sasa hizi ni hesabu. Lakini hii ya Septemba umempa mfadhili?" Nikamwambia hapana, hakuiomba. "Mpe," akasema.

Tulimpa, tukiwa na wasiwasi, ikiwa imeambatanishwa na ombi la mwaka uliofuata. Katika ombi hilo hatukuandika jumla ya fedha za matangazo peke yake. Tuliandika pia kikomo, kwamba mwezi wowote ambao gharama ya kumpata mchangiaji mpya itavuka shilingi 2,500 kwa siku kumi mfululizo tutasimamisha matangazo, na kiasi kitakachobaki kisirudishwe wala kisikimbizwe, bali kisogezwe hadi Ramadhani na hadi Novemba, miezi ambayo kitabu chetu cha M-Pesa kinaonyesha watu wanatoa bila kusukumwa sana. Afisa wao alipiga simu akauliza kwa nini 2,500. Nikamweleza kuhusu wale wanne kati ya kumi na wanne. Akakubali kipengele hicho, isipokuwa alikishusha kikomo hadi 2,200, na hicho ndicho tunachotumia sasa.